Seva ililala, pesa ziliendelea kuingia: wateja waandikiwe nini?

*"Duka letu la mtandaoni liko Mombasa, twauza mashuka na madera, na wateja hulipa kwa Paybill. Ijumaa seva ililala kuanzia saa 12:40 jioni hadi saa 8:15 usiku. Kuna waliolipa mara mbili, kuna waliokatwa pesa na oda zao bado zaandika 'haijalipwa', na mizigo ya Jumamosi yote imechelewa. Nataka kuwatumia wateja taarifa leo. Niandike nini, na pesa zao nizishughulikie vipi bila ya sisi kupata hasara?"*

Dada, andika mbili. Ya kwanza ni fupi, ya watu wote, na itoke ndani ya saa hii kabla hujafungua hata ukurasa mmoja wa hesabu. Kazi yake ni kumzuia mteja asilipe tena, na asianze kudai pesa kwa njia nyingine wakati nyinyi mnahesabu. Ya pili ni ujumbe wa mteja mmoja mmoja, wenye nambari ya oda yake na kiasi chake, na huo hauwezi kuandikwa mpaka umelinganisha oda na pesa zilizoingia. Wengi huchanganya kazi hizo mbili katika tangazo moja refu lililojaa "huenda" na "baadhi ya wateja", na kila anayelisoma hubaki akijiuliza kama yeye ni miongoni mwa hao baadhi.

Ya kwanza ningeiandika hivi:

> Ndugu mteja, tovuti yetu haikufanya kazi kuanzia Ijumaa saa 12:40 jioni hadi saa 8:15 usiku wa kuamkia Jumamosi. Hitilafu ilikuwa kwenye seva yetu. Kama uliagiza au ulilipa katika saa hizo, tafadhali usilipe tena, hata kama oda yako inaonyesha "haijalipwa". Malipo yaliyofika kwenye Paybill yetu tunayaona na tunayalinganisha na oda. Kufikia Jumatatu saa 12 jioni utapata ujumbe wako binafsi unaoeleza oda yako imefika wapi na, kama ulilipa zaidi, kiasi kitakachorudi. Ziada itarudi kwenye nambari ileile iliyolipa. Tafadhali usiombe malipo hayo yarudishwe kupitia 456 kabla ya muda huo, ili maombi mawili yasigongane. Hatutakupigia simu kukuuliza PIN, wala hatutakutumia kiungo cha kudai pesa. Oda zilizokuwa zitoke Jumamosi zitatoka Jumanne.

Sentensi ya "hitilafu ilikuwa kwenye seva yetu" utaambiwa uitoe. Kuna atakayekushauri uandike "kutokana na matatizo ya mtandao" au hata uitupie M-PESA. Iache ilivyo. Mteja akidhani kosa ni la M-PESA, atafanya ambalo kila Mkenya amezoea kulifanya akituma pesa mahali pasipo: ataupeleka ujumbe wake kwa 456 kuomba muamala urudishwe. Wakati huohuo wewe ofisini unamrudishia ziada yake. Sasa muamala mmoja una maombi mawili, moja lake na moja lako, na kama wewe ulimrudishia kwa kumtumia pesa mpya, unaweza kujikuta umelipa mara mbili kwa kosa moja. Hasara unayoiogopa mara nyingi huingilia hapo, kwenye kurudisha.

Kuhusu saa: ujumbe wa M-PESA wa mteja unaandika 7:12 PM, na wewe unaandika saa 1:12 usiku. Watu wetu hubadilisha vichwani bila taabu, lakini usiku na asubuhi huchanganyika haraka, kwa hiyo usiandike saa bila kutaja ni ya jioni, ya usiku au ya asubuhi. "Hadi saa 8:15" peke yake kuna atakayeisoma kuwa ni asubuhi.

Kabla ya hesabu, kuna jambo moja la kumwambia fundi wako mara moja. Mifumo mingi huweka foleni ya kazi zilizoshindikana, na seva ikiamka huanza kuzitekeleza upya moja baada ya nyingine. Kama ndani ya foleni hiyo kuna maombi ya malipo, wateja wako watatumiwa upya ule ujumbe wa kuingiza PIN, saa nane na nusu ya usiku, kwa oda waliyokwisha kuilipia kwa mkono saa moja. Wengine wataona jina la duka lako, wataona kiasi wanachokifahamu, watabonyeza PIN. Foleni ya malipo isimamishwe na maombi yote ya Ijumaa jioni yafutwe. Oda zibaki, lakini kusiwe na ombi jipya la pesa hata moja mpaka umalize kulinganisha. Kama seva imekwisha kuamka na foleni imekwisha kukimbia, dirisha lako la kuchunguza halikomei saa 8:15. Lisogeze mpaka asubuhi.

Sasa, pesa ziliingiaje duka likiwa limelala? Ukilielewa hili, kulinganisha kunakuwa kazi rahisi. Mteja wako ana njia mbili za kulipa. Katika ya kwanza, tovuti yako ndiyo inayoomba: inapeleka ombi Safaricom, simu ya mteja inatokewa na kisanduku cha PIN, mteja anaingiza, pesa zinahama, kisha Safaricom inatuma majibu kwenye anwani mliyoiandika kama `CallBackURL`. Anwani hiyo iko kwenye seva yako. Seva ikilala katikati ya safari hiyo, pesa zinakuwa zimehama na majibu hayana pa kufikia. Usitegemee kwamba yatatumwa tena. Ndiyo sababu mteja ana ujumbe halali wa M-PESA mkononi na tovuti yako bado inasema hajalipa. Kila upande unasema kweli kwa kile unachokijua.

Njia ya pili ni mteja kuingia mwenyewe kwenye menyu ya M-PESA, akaandika nambari ya Paybill na nambari ya akaunti. Hapa tovuti yako haihitajiki kabisa ili pesa zihame. Mlipojiandikisha, fundi wako aliulizwa kitu kinachoitwa `ResponseType`, yaani malipo yafanywe nini ikiwa Safaricom inataka kuuliza seva yako kama akaunti ni sahihi na seva haijibu. Majibu ni mawili tu, `Completed` au `Cancelled`. Maduka mengi yameweka `Completed`, na hata kuulizwa huko hakupo kama hukuomba kuwashiwa. Kwa hiyo Paybill yako ilipokea pesa usiku kucha kama kawaida.

Kwa sababu hiyo, chanzo chako cha ukweli ni taarifa ya akaunti ya Paybill, ile unayoishusha kutoka kwenye tovuti ya M-PESA ya wafanyabiashara. Orodha ya oda ya duka lako haikufai kwa saa hizo. Picha ya ujumbe aliyokutumia mteja kwa WhatsApp nayo haikufai: ujumbe wa M-PESA unaghushika kwa dakika mbili, na usiku wa hitilafu ndio usiku wa kujaribu bahati. Ukitumiwa picha, chukua kutoka humo kitu kimoja tu, nambari ya muamala, yenye herufi na tarakimu kumi, kisha uitafute kwenye taarifa. Ikiwepo, imelipwa. Isipokuwepo, hukuipokea.

Shusha taarifa ya kuanzia Ijumaa saa 11 jioni hadi Jumamosi saa 4 asubuhi, pana kuliko hitilafu yenyewe, kwa sababu kuna walioanza kununua kabla na kumaliza baadaye. Safu utakazozihitaji ni `Receipt No.`, `Completion Time`, `Transaction Status`, `Paid In` na `A/C No.`. Upande wa pili weka orodha ya oda za saa zilezile. Hapa kuna mtego mmoja unaopoteza watu nusu siku: seva nyingi huandika saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, na M-PESA huandika saa za Afrika Mashariki. Malipo ya saa 1:12 usiku yataonekana 19:12 upande mmoja, na oda yake 16:12 upande mwingine. Ukiona hakuna malipo hata moja yanayokutana na oda yake, usidhani umeibiwa. Ongeza saa tatu kwenye oda, utaona yakikutana.

Tuchukue oda moja tuifuate hadi mwisho. Oda 4417, seti ya mashuka, shilingi 3,450. Saa 1:12 usiku mteja anabonyeza "Lipa", kisanduku cha PIN kinatokea, anaingiza, ujumbe wa M-PESA unafika. Ukurasa wa duka unazunguka tu. Saa 1:15 anabonyeza tena, anaingiza PIN, ujumbe wa pili unafika. Ukurasa bado unazunguka. (Ndiyo, usiku huo seva yako ilikuwa na nguvu ya kutuma maombi lakini haikuwa na nguvu ya kupokea majibu, hali hiyo ya nusu kulala ndiyo inayozaa malipo maradufu. Seva iliyozimika kabisa haiombi pesa.) Saa 1:21 anamwomba mumewe alipe kwa simu yake kupitia menyu. Mume anaandika Paybill sawasawa, na kwenye akaunti, badala ya 4417, anaandika jina la mkewe.

Kwenye taarifa utaikuta mistari mitatu ya 3,450. Miwili ina 4417 kwenye `A/C No.`, kwa sababu tovuti ndiyo iliyoijaza. Wa tatu una jina la mtu. Ukilinganisha kwa nambari ya akaunti peke yake, utaona malipo mawili, utarudisha moja, na ule wa tatu utakaa kwako ukiwa hauna mwenyewe mpaka mume apige simu wiki ijayo akiwa amekasirika. Kwa hiyo baada ya kulinganisha kwa akaunti, fanya mzunguko wa pili kwa waliobaki: kiasi kilekile, ndani ya nusu saa, na jina la mlipaji au jina lililoandikwa kwenye akaunti linalofanana na jina la mwenye oda. Nambari za simu huenda ukazikuta zimefichwa tarakimu za katikati, kwa hiyo usizitegemee sana katika kulinganisha. Mzunguko huu wa pili hauthibitishi. Unakupa mtu wa kumuuliza. Muulize: "Kuna malipo ya 3,450 ya saa 1:21 usiku yenye jina hili kwenye akaunti, ni yako?" Usimtajie jina la mwenye simu iliyolipa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakuhusu hata wewe mwenye duka dogo, na pia hujui ni nani unayemtajia.

Akishakubali, hesabu ni nyepesi: zimeingia 10,350, oda ni 3,450, ziada ni 6,900. Unabaki na malipo ya mwanzo kabisa, ya saa 1:12, na unarudisha mawili yaliyofuata, kila moja kulikotoka. Sehemu ya pesa za familia inarudi kwa mke na sehemu kwa mume, ndiyo, lakini usikubali kuombwa "zirudishe zote kwa hii yangu". Kanuni ya "nambari ileile iliyolipa" inakukinga dhidi ya yule atakayepiga simu akijifanya mteja, na ukiivunja kwa mtu mmoja mwenye sauti ya upole, umeivunja.

Lakini kuna sura nyingine inayofanana sana na hii na si hii. Maduka mengine, kila mteja anapobonyeza upya, hufungua oda mpya. Kwa hiyo badala ya oda 4417 yenye malipo mawili, unaweza kukuta oda 4417 na oda 4423, za mteja mmoja, vitu vilevile, anwani ileile, dakika nne kati yake, na kila moja imelipwa mara moja. Kwenye hesabu zako hakuna ziada yoyote. Ukiufuata mfumo, utafunga vifurushi viwili na kumpelekea mtu seti mbili za mashuka aliyotaka moja, kisha ulipie boda ya kurudisha. Oda kama hizo zishikilie kabla hazijafika kwa wafungaji, toa moja, na ya pili muulize mwenyewe. Kuna ambaye kweli alitaka mbili, moja yake na moja ya mama mkwe. Usimrudishie pesa kwa kukisia.

Zile "hazijathibitishwa" ndizo zinazoandikwa vibaya zaidi kwenye taarifa za wateja, kwa sababu neno hilo linafunika watu wa aina mbili walio tofauti kabisa. Wa kwanza amelipa na wewe hukupata habari. Wa pili hakulipa. Kwa kila oda iliyoanzia kwenye tovuti, fundi wako ana `CheckoutRequestID` aliyopewa wakati wa kuomba, na anaweza kuuliza matokeo yake:

```
POST /mpesa/stkpushquery/v1/query
{
  "BusinessShortCode": "...",
  "Password": "...",
  "Timestamp": "...",
  "CheckoutRequestID": "ws_CO_..."
}
```

Jibu lina `ResultCode`. Ikiwa ni `0`, alilipa. `1032` ni mtu aliyeghairi mwenyewe, `1037` ni simu isiyopatikana au kisanduku kilichokaa bila kujibiwa, `1` ni salio halikutosha, `2001` ni PIN isiyo sahihi. Fahamu tu kwamba jibu hili halikupi nambari ya muamala. Linakuambia "alilipa", na bado unarudi kwenye taarifa ya akaunti kuutafuta mstari wenyewe ili uuandike kwenye oda. Usiweke oda kuwa imelipwa bila nambari hiyo, la sivyo malipo yaleyale yanaweza kuhesabiwa tena kwa oda nyingine kesho.

Wa kundi la `0`, waambie malipo yao yamepokelewa na oda inatoka. Usiwaombe ushahidi wowote, maana unao tayari. Wa makundi mengine waambie wazi: hatukupokea pesa, oda yako tumeishikilia hadi siku fulani, ukiitaka lipa kupitia kiungo kilichomo ndani ya akaunti yako ya duka. Ukiwaambia "malipo yako yanasubiri kuthibitishwa", wale waliobonyeza "Ghairi" wataanza kusubiri mzigo, na wale wasio waaminifu wataanza kusubiri kurudishiwa pesa ambazo hawakutoa.

Atabaki mmoja au wawili wanaoapa kwamba walikatwa, na kwako hakuna kitu. Waombe nambari ya muamala kwa maandishi. Mara nyingi utakuta walikosea tarakimu moja ya Paybill na pesa zimekwenda kwa biashara nyingine, na jina la biashara hiyo liko palepale kwenye ujumbe wao. Huyo ndiye wa kumwambia atumie 456, na haraka, kwa sababu pesa hazikuwahi kuwa kwako na huwezi kuzirudisha.

Waliolipa kwa kadi, kama wapo, ni hadithi nyingine. Benki mara nyingi huzuia kiasi kwanza, na duka hukichukua baadaye. Mteja anaona salio limepungua ingawa wewe hukuchukua chochote. Angalia kwa anayekushughulikia kadi kama malipo yamechukuliwa au yamezuiwa tu. Yaliyozuiwa yaachilie, na umwambie mteja kwamba benki yake ndiyo itakayoyafungua na kwamba huchukua siku kadhaa kutegemea benki. Usimtumie pesa kwa M-PESA ili kumtuliza. Kizuizi kitafunguka chenyewe na utakuwa umempa zawadi.

Kurudisha kwenyewe: tumia njia ya M-PESA ya kurudisha muamala, kupitia tovuti ya wafanyabiashara au kupitia mfumo, ambayo unaitaja kwa nambari ya muamala. Usitume pesa mpya kutoka kwenye simu yako au ya mhasibu. Unaporudisha kwa nambari ya muamala, pesa zinarudi zilikotoka bila ya wewe kuandika nambari ya simu, ambayo huenda hata huioni yote. Muamala uliokwisha kurudishwa haurudishwi mara ya pili, kwa hiyo hata mteja akiwa alitangulia kutuma 456, ombi la pili litakataliwa na utajua. Na kwenye taarifa yako ya akaunti kutakuwa na mstari wa kuingia na mstari wa kutoka vilivyofungamana, jambo ambalo mkaguzi wako atakushukuru. Ukituma kutoka kwenye simu ya mhasibu, Paybill itaendelea kuonyesha ziada na hakuna kitakachoeleza kwamba imelipwa.

Ina masharti mawili. Anayefanya lazima awe amepewa ruhusa hiyo kwenye akaunti ya biashara, na maduka mengi hugundua Jumatatu asubuhi kwamba hakuna aliyenayo, angalia leo. Na lazima salio liwepo. Kama Paybill yako hukusanywa kwenda benki kila usiku, pesa za Ijumaa zimekwisha kuondoka na maombi yako yatakataliwa kwa kukosa salio. Simamisha ukusanyaji kwa siku hizi mbili, ujumlishe ziada zote, uhakikishe kiasi hicho kimo kabla ya kuahidi muda. Kama wateja wako ndio wanaobeba ada ya Paybill, tazama pia ada ya yale malipo ya ziada. Isiporudi pamoja na pesa, ilipe wewe, kwa sababu seva ilikuwa yako.

Baada ya haya ndipo ujumbe wa mmoja mmoja unapoandikika. Kwa oda yetu:

> Oda 4417: tumepokea malipo 3 ya 3,450. Moja tumelipia oda, itatoka Jumanne. 6,900 zitarudi kwa nambari zilizolipa kufikia Jumanne saa 12 jioni. Usitume 456.

Huo unatosha ndani ya herufi 160, yaani SMS moja. Angalia alama unazotumia: ukiandika kwenye kompyuta, programu hugeuza king'ong'o cha kawaida cha "ng'" kuwa kile kilichopinda, na hicho kimoja tu, au emoji moja, hushusha kipimo cha SMS kutoka herufi 160 hadi 70, na ujumbe wako unalipiwa kama SMS tatu. Kwa watu mia hutajali, kwa elfu tano utajali.

Usimwandikie mteja "ndani ya saa 24 hadi 72 za kazi". Mpe siku na saa, na iwe umeipima: umeona salio lipo, ruhusa ipo, na umejaribu kurudisha muamala mmoja ukaona umefika. Ikiwa una ziada za watu thelathini na mtu mmoja wa kuzifanya, Jumanne jioni inafikika. Ikiwa ni mia tatu, andika Alhamisi.

Kuhusu kuchelewa kwa mizigo sina mengi, kwa sababu wateja husamehe kuchelewa kuliko unavyofikiri, mradi siku mpya itajwe mara moja na itimie. Oda zilizolipwa bila utata zifungwe kwanza, hata kama ziliwekwa baadaye kuliko zenye utata. Usizifanye zisubiri foleni ya uchunguzi. Yule aliyehitaji dera kwa harusi ya Jumapili na siku imekwisha kupita, usimtangazie tarehe mpya. Muulize kama bado anaitaka, na kama haitaki, malipo yake yote yarudi kwa njia ileile.

Mwisho wa wiki utabaki na mistari michache ya pesa isiyo na oda wala mwenye kudai: mtu aliandika "shuka" kwenye akaunti, hapokei simu, hajibu. Isiingizwe kwenye mauzo. Iweke kwenye daftari la pesa za wateja, kila mstari na nambari yake ya muamala, na irudishe ilikotoka kwa njia ileile. Huhitaji kumpata mtu ili muamala wake urudi. Na pale ambapo mfumo ulikwisha kutoa ankara ya eTIMS kwa oda iliyojirudia, mwambie mhasibu atoe hati ya kuirekebisha kabla ya kufunga hesabu za mwezi, maana kodi ya mashuka ambayo hukuyauza utadaiwa wewe.